Miaka 45 na hedhi imekatika: ni ukomo au ni mimba?

Tumchukue mama lishe wa Temeke mwenye miaka 45. Si mtu mmoja halisi. Nimemjenga kutokana na visa vya aina hii vinavyojirudia sana, ili tuweze kuhesabu siku zake pamoja. Ana watoto watatu na wa mwisho yuko kidato cha pili. Ana presha, na kila asubuhi anameza kidonge cha losartan. Tangu mwaka jana hedhi yake imeyumba: mwezi mmoja ilimjia siku ya 24, mwingine siku ya 35, na mara moja ilikaa siku 52 ndipo ikaja. Hedhi yake ya mwisho iliyokuwa ya kawaida ilianza tarehe 10 Januari. Februari hakuona kitu. Tarehe 8 Machi akaona damu kidogo ya rangi ya kahawia kwa siku mbili, akaihesabu kuwa ni hedhi.

Katikati ya hayo yote alikuwa anachoka kabla ya saa nne asubuhi, matiti yanamuuma, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilianza kumchefua. Shoga yake wa meza ya pili akamwambia, "Dada, hiyo ni miaka tu. Hata mimi ilinianza hivyo hivyo." Alipokwenda zahanati kueleza kuwa anakojoa mara kwa mara na amechoka, akaambiwa ana UTI, akapewa dawa za siku saba. Hakuna aliyempima mimba. Hakuna hata aliyemuuliza, kwa sababu mwanamke wa umri wake akisema hedhi imepotea, kila mtu anajiona tayari ana jibu.

Ana mimba. Aliyegundua ni muuguzi wa kliniki ya presha, tarehe 24 Aprili, kwa swali moja tu: "Mama, mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Kosa lililofanyika hapo limejengwa juu ya imani kwamba hedhi ikianza kuruka, mayai yamekwisha. Mwili haufanyi kazi hivyo. Ukomo wa hedhi hautangazwi siku hedhi inapopotea; unatambuliwa kwa kuangalia nyuma, baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito ambacho kwa wengi huchukua miaka kadhaa, na mara nyingi huanza mtu akiwa ndani ya arobaini na kitu. Katika kipindi hicho mayai yamebaki machache na ovari zimeanza kuwa nzito kuitikia. Ubongo nao unaongeza homoni ya kuzisukuma, ile inayoandikwa FSH kwenye karatasi ya maabara. Mwezi mmoja ovari inakataa, yai halipevuki, hedhi inachelewa. Mwezi unaofuata inaitikia, yai linatoka. Wakati mwingine msukumo huo mkubwa unatoa mayai mawili kwa mpigo, na hii ni sababu mojawapo ya mapacha wasiofanana kuwa wengi zaidi kwa kina mama wanaopata mimba katika umri huu.

Kwa hiyo uwezo wa kushika mimba katika umri wa miaka 45 ni mdogo, lakini haujaisha, na haumpi mtu taarifa. Yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi. Mwanamke ambaye hajaona hedhi kwa siku 50 anaweza kuachia yai siku ya 51, na kama ameacha uzazi wa mpango kwa kuamini kuwa "kwangu kumeshafungwa", anaweza kushika mimba bila hedhi yoyote kutangulia kumkumbusha.

Hapa niseme jambo kuhusu kipimo cha homoni, kwa sababu maabara nyingi mjini hukiuza na wanawake hukilipia wakitafuta uhakika. FSH ikitoka juu, mtu huambiwa mayai yamekwisha. Lakini katika kipindi cha mpito homoni hii hupanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Majibu ya juu ya leo hayazuii yai kutoka mwezi ujao. Kwa mwanamke aliyevuka arobaini na tano ambaye hedhi yake imeyumba, kipimo hicho hakihitajiki ili kujua kuwa yuko kwenye mpito, na hakifai kabisa kumwambia aache kujikinga.

Je, dalili zenyewe zinaweza kutofautishwa? Kwa sehemu, ndiyo. Uchovu, matiti kuuma, tumbo kujaa gesi, kichwa, hasira za ghafla, usingizi wa kukatika na kukojoa mara kwa mara hupatikana pande zote mbili, kwa sababu homoni zinazopanda na kushuka ni zile zile. Kinachoelekea zaidi kwenye ukomo ni lile joto linalokuja kwa ghafla. Huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, likadumu dakika chache, halafu jasho, na baada yake mtu anahisi baridi. Dar es Salaam kati ya Januari na Machi kila mtu analalamika joto, kwa hiyo swali la kujiuliza si kama unasikia joto. Jiulize kama linakujia kwa mawimbi, kama linakuamsha usiku ukiwa chini ya feni huku wenzako wamelala, na kama likipita unavuta shuka. Ukavu ukeni unaoleta maumivu wakati wa tendo nao huelekea huko.

Upande wa mimba kuna kichefuchefu kinachoamshwa na harufu, kuchukia chakula ulichokuwa ukikipenda, na matiti kuwa mazito huku duara la kuzunguka chuchu likizidi kuwa jeusi. Matiti ya mpito huuma yakapoa. Ya mimba huendelea kuuma wiki baada ya wiki. Mama lishe wetu alikuwa na kichefuchefu, ila alikitafsiri kuwa vidonda vya tumbo. Wengine hufika mbali zaidi: mtoto anaanza kucheza, kwa kawaida kati ya wiki ya 16 na ya 20, na mama anadhani ni gesi.

Pamoja na hayo, ningemwomba msomaji asijichunguze kwa dalili peke yake. Mwanamke anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja: alikuwa kwenye mpito, na mimba imeingia humo humo. Joto la mawimbi la mwezi uliopita halithibitishi chochote kuhusu mwezi huu. Damu nayo inadanganya. Ile ya tarehe 8 Machi haikuwa hedhi. Damu kidogo katika miezi mitatu ya mwanzo hutokea kwa wajawazito wengi, na kwa mwanamke ambaye hedhi yake imeshazoea kuja vibaya, ni rahisi kuichukulia kuwa hedhi dhaifu.

Kinachoamua ni kipimo cha mkojo, kile kijiti cha bei ndogo kinachopatikana karibu kila duka la dawa. Kinatafuta homoni inayotengenezwa na mimba yenyewe, kwa hiyo umri na mpito wa hedhi haviharibu majibu yake kwa kawaida. Shida ni wakati wa kupima. Maelezo kwenye pakiti yanasema upime hedhi ikichelewa, na mwanamke ambaye hedhi yake haina tarehe hajui imechelewa au la. Kwake yeye kanuni ya kutumia ni hii: hesabu siku 21 tangu tendo la mwisho bila kinga, kisha pima. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, ambao haujachanganyika na maji mengi. Soma majibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi tano, na usirudi kukitazama mchana, kwa sababu kijiti kikikauka kinaweza kuonyesha mstari wa kijivu usio na maana. Mstari mwembamba wenye rangi uliotokea kwa wakati wake uchukulie kuwa ni mimba hadi hospitali iseme vingine. Usipouona mstari na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja.

Kuna hali moja adimu ambayo kijiti huweza kukosea, na umri huu ndio inapozidi. Ni mimba zabibu, ambapo kondo hukua vibaya na kuwa vifuko vya maji vinavyofanana na kishada cha zabibu, na mara nyingi bila mtoto. Hatari yake hupanda baada ya miaka 40 na kuongezeka sana baada ya 45. Homoni inaweza kuwa nyingi kiasi cha kukizidi nguvu kijiti, kikaonyesha hakuna kitu. Mwanamke anayetapika kupita kiasi, anayetokwa damu na ambaye tumbo lake linakua haraka asiridhike na kijiti kinachosema hapana, anahitaji utrasaundi. Inafaa kukumbuka pia kwamba fibroidi ni za kawaida sana kwa wanawake wa umri huu, nazo huongeza tumbo na kuleta damu. "Nina uvimbe" ni maelezo mengine yanayoweza kuficha mimba kwa miezi.

Kabla ya kijiti, usimeze vidonge vya kurudisha hedhi wala dawa za kienyeji za "kusafisha kizazi". Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu ndilo hutokea kwanza.

Turudi kwenye tarehe za mama yetu, maana hapa ndipo kuchelewa kunapogharimu. Kijiti cha Aprili 24 kimeonyesha mistari miwili. Ukihesabu kutoka 10 Januari, ana wiki 14 na siku 6. Ukihesabu kutoka ile damu ya 8 Machi, ana wiki 6 na siku 5. Utrasaundi ya siku hiyo ikampima mtoto kutoka utosini hadi kwenye makalio na kutoa jibu la tatu: wiki 13 na siku 6. Maana yake yai halikutoka siku ya 14 kama vitabu vinavyoeleza. Lilitoka siku ya 21 baada ya hedhi ya Januari kuanza, jambo la kawaida kwenye mpito. Kwa mwanamke mwenye hedhi ya kuyumba, utrasaundi iliyofanywa kabla ya wiki ya 14 ndiyo inayoaminika kuliko hesabu yoyote ya kichwani. Baada ya hapo usahihi unapungua kadiri mimba inavyokua, kwa sababu watoto huanza kutofautiana maumbo.

Tarehe ya kujifungua kwa kipimo hicho ni 24 Oktoba. Kama angeandikiwa kadi kwa kufuata damu ya Machi, ingekuwa 13 Desemba, tofauti ya wiki saba. Fikiria Oktoba 24 inafika: mtoto ametimiza wiki 40, lakini kadi inasema ana wiki 33 tu, na kila mtu anamwambia mama asubiri.

Kusubiri huko ni hatari kwa sababu uwezekano wa mtoto kufia tumboni wiki za mwisho huanza kupanda mapema zaidi kwa mama aliyevuka 40 kuliko kwa binti wa miaka 25. Kwa idadi bado ni wachache, lakini ndiyo sababu madaktari wengi hushauri mama wa umri huu aanzishiwe uchungu kati ya wiki ya 39 na 40 badala ya kuachwa apitilize. Ushauri huo hauwezekani kama hakuna anayejua wiki ya 39 ni lini.

Jambo la pili lililokuwa halisubiri ni losartan. Dawa za presha ambazo majina yake huishia na -sartan, na zile zinazoishia na -pril kama enalapril na lisinopril, zinaweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, hasa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mama yetu alikuwa mlangoni kabisa mwa kipindi hicho. Muuguzi alimpeleka kwa daktari siku ile ile, akabadilishiwa dawa. Metildopa na nifedipini ni kati ya zinazotumika kwa wajawazito. Ukigundua una mimba huku unameza dawa za aina hii, usiziache kimya kimya nyumbani, kwa sababu presha isiyo na dawa nayo inaua. Nenda na pakiti mkononi, leo au kesho, zibadilishwe.

Jambo la tatu ni asprini. Umri wa zaidi ya miaka 40 peke yake unaongeza uwezekano wa presha ya mimba, ambayo ikizidi inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na aliyekuwa na presha kabla ya kubeba yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Asprini kwa dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, hupunguza hatari hiyo, lakini hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, kuanzia wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 16, kipindi kondo linapojijenga. Mama yetu alikuwa amebakiwa na wiki mbili. Angegundua mimba mwezi Juni, kama wengi wanavyogundua, dirisha hilo lingekuwa limeshafungwa. Dozi hiyo iandikwe na daktari. Asprini za kawaida za kutuliza maumivu si dozi hiyo.

Zipo hatari ambazo hata kuwahi hakuziondoi, na ni haki ya mama kuelezwa bila kufichwa. Mayai ya mwanamke yaliumbwa kabla hajazaliwa, kwa hiyo yai la miaka 45 limekaa miaka 45. Kadiri yanavyokaa, ndivyo kromosomu zinavyoshindwa kugawanyika sawasawa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimba kuharibika: katika umri wa miaka 45 na kuendelea, zaidi ya nusu ya mimba hutoka, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Mama aliyepoteza mimba kwa namna hii hakubeba ndoo nzito kupita kiasi, na hakurogwa. Ni sababu hiyo hiyo inayoongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na sindromu ya Daun, takriban mmoja kati ya 100 mama akiwa na miaka 40, na mmoja kati ya 30 akiwa na 45. Niligeuze upande wa pili: katika umri wa miaka 45, mimba 29 kati ya 30 hazina hali hiyo. Vipimo vya kuchuja vipo, na kile cha kupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto hufanyika kati ya wiki ya 11 na wiki 13 na siku 6, sababu nyingine ya kuwahi.

Mimba nje ya kizazi pia huongezeka na umri. Maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, hata kama damu inayotoka ni kidogo, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Temeke, Amana na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa. Huhitaji kupita kwanza zahanati ya mtaa.

Mimba ikisonga mbele, kliniki ya mama huyu itakuwa na ziada kidogo. Kisukari cha mimba kipimwe kati ya wiki ya 24 na 28 kwa kunywa maji ya glukosi gramu 75, na mapema zaidi kama familia ina kisukari. Utrasaundi ya kama wiki ya 20 iangalie viungo vya mtoto na kondo limekaa wapi, maana kondo kutangulia mlango wa kizazi hutokea zaidi kwa wakubwa na kwa waliowahi kufanyiwa upasuaji. Presha ipimwe kila hudhurio. 140/90 inahitaji daktari, na 160/110 ni dharura. Kichwa kisichosikia panadoli, kuona maruweruwe, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, au mtoto kupunguza kucheza, havisubiri tarehe ya kadi. Ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza, kwa sababu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua nako huongezeka, hasa kwa aliyezaa mara nyingi.

Baada ya kujifungua atakuwa na miaka 46, na swali la mwanzo linarudi: ataacha lini kujikinga? Kanuni inayotumika ni miaka miwili kamili bila hedhi kama ilikatika kabla ya miaka 50, na mwaka mmoja kama ilikatika baada ya hapo. Hesabu hiyo haifai kwa anayechoma sindano ya miezi mitatu au aliyewekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, kwa sababu njia hizo zenyewe zinaweza kukata hedhi. Kwa kuwa ana presha, vidonge vyenye estrojeni si vyake. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hakizuii hedhi, na kikiwekwa baada ya miaka 40 kinaweza kuachwa hadi ukomo utakapothibitika, bila kubadilishwa.